Njia ya kompaundi yenye mitaro pembeni: kupata ujazo wa zege kabla ya kununua mfuko wa kwanza

Mwite fundi hapa Tororo aje kutazama njia ya miguu kutoka veranda hadi geti. Atatembea nayo, atasimama getini, atatazama juu kidogo, kisha atasema: "Bosi, mifuko thelathini inatosha." Ukimwuliza ameipataje hesabu hiyo, atakwambia amezoea. Lakini mara nyingi hesabu ipo, na inaweza kufuatiliwa: amechukua upana wote wa kazi, akazidisha na unene wa slabu, akazidisha na urefu. Mitaro ya pembeni ameihesabu kama ni slabu bapa tu, wala hakukumbuka kwamba ina kitako na kuta mbili.

Matokeo yake yanajulikana. Mifuko 30 inaisha mitaro ikiwa haijakamilika, na katikati inabaki njia ya udongo. Mwenye nyumba anaanza kushuku kwamba simiti imeibiwa. Pengine imeibiwa kweli, lakini kabla ya kumshika mtu tufanye hesabu yenyewe.

Nitatumia njia moja mwanzo hadi mwisho. Inatoka kwenye mlango wa veranda, inakwenda mita 9, inakata kona ya mraba, kisha inakwenda mita 18 hadi geti. Mahali pa kukanyaga pana upana wa mita 1.2. Kila upande kuna ukingo, kisha mtaro wa wazi wa kubeba maji ya paa na ya uwanja. Ni njia ya watu na toroli. Gari halipiti hapo. Kama gari litapita, unene wote nitakaoutaja haufai.

Chora mkato kwanza

Chukua karatasi uchore njia kana kwamba umeikata kwa msumeno ukaitazama usoni. Mchoro huu ndio kazi kubwa kuliko zote, na hauchukui muda. Ukiwa na eneo la mkato, ujazo ni eneo hilo kuzidisha urefu, basi.

Katikati kuna slabu yenye upana wa mita 1.2 na unene wa milimita 75. Pande zote mbili za slabu kuna ukingo wenye unene wa milimita 100. Ukingo huo huo, ukiutazama kutoka nje, ndio ukuta wa ndani wa mtaro. Baada yake kuna nafasi ya maji yenye upana wa milimita 250, halafu ukuta wa nje wa mtaro, nao wa milimita 100. Chini ya vyote vitatu, yaani ukingo, nafasi ya maji na ukuta wa nje, kuna kitako cha mtaro chenye unene wa milimita 100.

Kuna jambo moja la kuamua hapa kabla ya namba. Ukingo usipande juu ya slabu. Uso wake uwe sawa na uso wa slabu pale zinapokutana ili maji yanayoanguka juu ya njia yateleze moja kwa moja mtaroni. Kompaundi nyingi zina kingo zilizoinuliwa na kupakwa rangi nyeupe na nyeusi. Zinapendeza kwenye picha, na kila mvua zinageuza njia kuwa birika. Ukitaka lazima ukingo uinuke, itabidi uache matundu ya kupitisha maji, na hesabu ya zege ibadilike.

Sasa gawa mkato kwenye vipande ambavyo havigusani mara mbili. Ninapendelea kuvigawa kwa mpangilio wa kumwaga zege, kwa sababu kila kipande kitakuwa kazi ya siku yake: kwanza vitako vya mitaro, kisha kuta zinazosimama juu ya vitako, mwisho slabu.

Kitako kina upana wa ukingo, nafasi ya maji na ukuta wa nje kwa pamoja: 0.10 + 0.25 + 0.10, yaani mita 0.45. Kwa unene wa 0.10, eneo lake ni 0.045. Ni mita za mraba, na ni kwa upande mmoja.

Kuta mbili za mtaro, tuseme kwa sasa zina kimo cha mita 0.20 juu ya kitako. Kila moja ni 0.10 × 0.20 = 0.020. Zote mbili ni 0.040.

Slabu ni 1.2 × 0.075 = 0.090.

Njia nzima, mitaro ikiwa pande zote mbili, ni 0.090 + 2 × (0.045 + 0.040) = 0.260.

Tazama hizo namba vizuri. Slabu, ambayo ndiyo mwenye nyumba anaiona akilini anaposema njia, ni 0.090 tu. Mitaro na kingo zake ni 0.170, karibu mara mbili yake. Kwa hiyo anayekisia kwa kutazama mahali pa kukanyaga anakisia theluthi moja ya kazi.

Kosa la upande wa pili lipo pia, nalo hulifanya watu makini zaidi. Wanahesabu slabu, wanahesabu ukingo peke yake kama kitu kamili, kisha wanahesabu mtaro wenye kuta mbili. Ukingo umelipiwa mara mbili. Kwa njia yetu, ukingo wa kimo cha mita 0.30 ukihesabiwa tena pande zote unaongeza mita za ujazo 1.62 ambazo hazipo, sawa na mifuko kumi na zaidi. Ukitaka kujikagua, gawa mkato kwa namna nyingine: chukua ukingo mzima hadi chini (0.10 × 0.30), ukuta wa nje mzima hadi chini (0.10 × 0.30), na kitako kilichobaki katikati yao (0.25 × 0.10). Utapata 0.030 + 0.030 + 0.025 = 0.085, sawasawa na 0.045 + 0.040. Namna mbili zikikataa kukubaliana, kuna kipande umekihesabu mara mbili au umekisahau.

Urefu upimwe katikati

Kwenye kona ndipo tepu inapodanganya. Ukipima kwa nje, ukifuata ukuta wa nje wa mtaro, utapata mita 29.1. Ukipima kwa ndani utapata mita 24.9. Njia ni ile ile.

Piga vigingi katikati ya njia, kimoja mlangoni, kimoja pale mistari ya katikati inapokutana kwenye kona, na kimoja getini. Pima kati ya vigingi: 9 na 18, jumla 27. Kona ikiwa ya mraba, kila unachokipoteza upande wa ndani unakipata upande wa nje, kwa hiyo kwa njia yenye pande mbili zinazofanana, eneo la mkato kuzidisha urefu wa katikati linatoa jibu kamili bila kuhesabu kona peke yake. Njia ikiwa ya duara ni vivyo hivyo: pima urefu wa upinde wa katikati.

Hili linavunjika mara tu mtaro unapokuwa upande mmoja. Watu wengi hupunguza gharama kwa kuacha mtaro wa upande mmoja, na hapo lazima upime kwa mstari wa katikati ya mtaro wenyewe. Kwa njia yetu mstari huo uko mita 0.825 kutoka katikati ya njia. Mtaro wa upande wa nje wa kona una urefu wa 27 + 1.65 = mita 28.65, na wa upande wa ndani una mita 25.35. Tofauti ni mita 3.3 za mtaro. Kama maji hayakulazimishi upande, hiyo ni sababu ya kuchagua wa ndani.

Kina cha mtaro hakifanani

Nilisema kuta zina kimo cha mita 0.20 kwa sasa. Kwa kweli hazina, na hapa ndipo hesabu ya mezani inapokutana na uwanja wenyewe.

Maji hayatembei mtaroni bila mteremko. Mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita ni wa kuaminika kwa mtaro wa zege uliosawazishwa kwa mwiko. Chini ya hapo kila kibonye kidogo kinashika mchanga na majani. Kwa mita 27 unahitaji kitako kishuke sentimita 27 kutoka mlangoni hadi getini. Ardhi ya kompaundi mara chache inashuka kiasi hicho yenyewe.

Chukua mpira wa maji, ule mwembamba unaoonyesha maji ndani, upime tofauti ya kimo kati ya mlangoni na getini. Tuseme umepata kwamba uso wa njia utashuka sentimita 11. Zinabaki sentimita 16, na hizo zinapatikana kwa kuzidisha kina cha mtaro. Mtaro ukianza mlangoni na kina cha sentimita 12, utafika getini na kina cha 28. Wastani ni 20, kwa hiyo 0.20 yetu imesimama. Kitako hakibadiliki, kinachokua ni kuta tu.

Lakini wastani wa mwanzo na mwisho ni sahihi tu kama kina kinaongezeka kwa mstari mmoja ulionyooka. Tuseme mpira wa maji umeonyesha kwamba uwanja una mgongo, na kufika kwenye kona tayari mtaro una kina cha 24. Sasa kuna vipande viwili. Mita 9 za kwanza zina wastani wa (12 + 24) ÷ 2 = 18. Mita 18 za pili zina wastani wa (24 + 28) ÷ 2 = 26. Ukivipima kwa urefu wake, wastani wa njia nzima unakuwa karibu sentimita 23.3. Kuta zilizokuwa mita za ujazo 2.16 zimekuwa 2.52. Mifuko miwili na zaidi imetokea kwenye mgongo wa ardhi ambao hakuna aliyeuona kwa macho. Kwa hiyo pima kimo kila mahali ambapo ardhi inabadilika mwendo, siyo mwanzo na mwisho peke yake.

Nitaendelea na ule mteremko ulionyooka.

Ujazo, kazi kwa kazi

Vitako: 0.045 × mita 54 za mitaro miwili = mita za ujazo 2.43.

Kuta: 0.040 × 54 = 2.16.

Slabu: 0.090 × 27 = 2.43.

Jumla ni 7.02. Jikague: 0.260 × 27 = 7.02.

Yule fundi wa mifuko 30 alifanya hivi: upana wote wa kazi ni mita 2.1, kuzidisha 0.075, kuzidisha 27, akapata mita za ujazo 4.25. Kwa mchanganyiko tutakaoutumia hiyo ni mifuko 27. Akaongeza mitatu ya tahadhari. Si mjinga na hakukudanganya; alihesabu umbo lisilo lako.

Kinachopotea ardhini

Ujazo wa karatasini ni wa shimo lililochimbwa kwa rula. Jembe halichimbi hivyo, na zege hujaza shimo lilivyo.

Slabu yetu ina eneo la mita za mraba 32.4. Tandiko lake la moramu likiwa chini kwa sentimita 1 tu kuliko ulivyopanga, slabu inakula mita za ujazo 0.324 za ziada, yaani mifuko miwili. Sentimita moja ni unene wa kidole, na hakuna anayeiona akiwa amesimama. Ndiyo sababu inafaa kutandaza moramu, kuishindilia ikiwa na unyevu, kisha kuburuta ubao ulionyooka juu ya kingo zilizokwisha simama na kupima kushuka kwa rula kila mita moja au mbili. Penye kina zaidi ya milimita 75 ongeza moramu. Moramu ni rahisi kuliko zege.

Mgongo wa njia una mtego wa aina hiyo hiyo. Ili maji yaende pande zote, katikati ya slabu inapaswa kuwa juu ya pembeni kwa milimita 12 hivi. Ukiacha tandiko likiwa bapa na kupata mgongo kwa kuongeza zege katikati, umeongeza wastani wa milimita 6 kwa slabu nzima, karibu mita za ujazo 0.2. Mgongo huo upewe tandiko lenyewe, ili slabu ibaki na milimita 75 kila mahali.

Upande wa mitaro, adui ni ukingo wa mfereji uliochimbwa. Ukuta wa nje kwa kawaida humwagwa na ubao upande wa ndani tu. Upande wa nje udongo ndio unaoshika zege. Udongo ukimeguka sentimita 2 kwa kimo cha sentimita 30 na urefu wa mita 54, ni 0.324 nyingine. Kwa mvua za Machi hadi Mei kumeguka huko si jambo la labda. Kama lazima ufanye kazi miezi hiyo, chimba tu urefu utakaomwaga kesho, usiache mfereji mzima ukilala wazi usiku.

Kwa uchimbaji wa uangalifu ninaongeza asilimia 10. Hiyo inafunika umegukaji wa kawaida, zege linalobaki kwenye toroli na linalomwagika njiani. Haifuniki shimo lililochimbwa ovyo, na kuongeza asilimia 25 ili ufunike shimo la ovyo ni kulipia uvivu kwa simiti.

Kwa hiyo vitako vinakuwa 2.67, kuta 2.38, slabu 2.67. Jumla ni mita za ujazo 7.72.

Kutoka ujazo hadi mifuko

Mchanganyiko wa 1:2:4 unatosha kwa kazi hii: boksi moja la simiti, mawili ya mchanga, manne ya kokoto. Simiti iliyoandikwa 32.5 kwenye mfuko inafaa.

Mtu mwingine hapa hujumlisha 1 + 2 + 4 = 7, anagawa ujazo kwa 7 na kudhani amepata simiti. Atapungukiwa. Mchanga huingia kwenye nafasi za kokoto, na simiti huingia kwenye nafasi za mchanga, hivyo vitu vikavu vya jumla ya mita 1.54 huwa zege la mita 1 baada ya kuchanganywa na kushindiliwa. Gawa 1.54 kwa 7, utapata 0.22 za simiti kwa kila mita ya ujazo. Mfuko wa kilo 50 una takriban lita 35, kwa hiyo ni mifuko 6.3. Mchanga ni 0.44 na kokoto ni 0.88.

Vitako: 2.67 × 6.3 = mifuko 17. Kuta: 2.38 × 6.3 = mifuko 15. Slabu: mifuko 17. Jumla ni 49. Nunua 50, na ule wa ziada utumike kwa uji wa simiti kwenye viungo. Zidisha na bei ya duka ya siku hiyo, na usinunue yote mara moja kama huna mahali pakavu pa kuiweka juu ya mbao.

Kokoto ni 7.72 × 0.88, karibu 6.8. Mchanga ni 7.72 × 0.44, karibu 3.4, lakini mchanga wenye unyevu huvimba, unachukua nafasi kubwa kuliko ukiwa mkavu. Ongeza robo au pungufu kidogo. Agiza kama 4.1.

Wauzaji wanauza kwa tripu, na tripu si kipimo. Panda kwenye lori na tepu. Bodi ya urefu wa mita 3, upana wa 1.8, iliyojazwa kimo cha 0.7, imebeba mita za ujazo 3.78. Kwa lori hilo kokoto ni tripu mbili na itabaki kidogo, na mchanga tripu moja itakupungukia kidogo. Pima kimo cha mzigo kwenye pembe na katikati kabla haujamwagwa, kwa sababu ukishamwagwa chini unabaki rundo, na rundo halibishani na mtu.

Boksi, siyo koleo

Hesabu yote hii inakufa kwenye sehemu ya kuchanganyia kama vibarua wanapima kwa koleo. Koleo la asubuhi na koleo la saa nane mchana si moja.

Tengeneza boksi la mbao lisilo na kitako, ndani yake liwe na urefu wa sentimita 40, upana wa 35 na kimo cha 25. Hizo ni lita 35, sawa na mfuko mmoja wa simiti. Mfuko mmoja, maboksi mawili ya mchanga, manne ya kokoto, yote yamekatwa juu kwa ubao. Mkipenda kutumia toroli, pimeni kwanza toroli yenu inaingia maboksi mangapi na mpige alama ya rangi ndani yake. Mchanga ukiwa umelowa, kimo cha boksi lake kiongezwe kidogo.

Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko, na hayo ni pamoja na yaliyomo mchangani tayari. Anza na jerikeni moja ya lita 20, kisha ongeza kidogo kidogo hadi zege lichanganyike na lishindilike. Kibarua atataka liteleze kama uji kwa sababu ni rahisi kulivuta. Zege la namna hiyo linapasuka kwenye slabu na kuinamisha mbao za kuta.

Kila mfuko una mita zake

Hapa ndipo unapojua mapema kama mambo yanakwenda kombo. Mchanganyiko wa mfuko mmoja unatoa mita za ujazo 0.159 hivi. Ugawe kwa eneo la mkato, unapata mita ambazo mfuko unapaswa kufika.

Kitako ni 0.159 ÷ 0.045 = mita 3.5. Ukitoa upotevu, tarajia mita 3.2. Piga alama kwenye kamba kila baada ya mita hizo. Mfuko ukiishia mita 2.5, simamisha kazi na upime mfereji: umechimbwa kwa kina au upana kuliko mchoro. Ukifika mita 4.5, usifurahi, ama kitako ni chembamba au maboksi ya kokoto yamezidi manne.

Kwenye kuta mita zinabadilika kwa sababu kina kinabadilika. Karibu na mlango, kina kikiwa sentimita 12, mfuko mmoja unasimamisha ukingo na ukuta wa nje kwa zaidi ya mita 6. Karibu na geti haufiki mita 3. Fundi asiyeambiwa hili atasema asubuhi kwamba simiti itabaki, na jioni kwamba imepungua, na mara zote mbili atakuwa anasema alichokiona. Kabla ya kumwaga kuta, kwaruza kitako panapokaa ukuta, lowesha, pakaza uji wa simiti. Kiungo kikavu kitapitisha maji chini ya slabu na kuondoa moramu, na ufa utaonekana juu muda mrefu baada ya fundi kuondoka.

Slabu ndiyo rahisi kuliko zote kuikagua. Igawe kwa vipande vya mita 1.5, utapata vipande 18, kila kimoja kikitengwa na mwenzake kwa kiungo chenye kina cha milimita 20 hivi, ili ikijikunja ipasukie hapo na si popote inapotaka. Kipande kimoja ni 1.2 × 1.5 × 0.075 = 0.135, na ukiongeza asilimia 10 ni 0.149. Mfuko mmoja unatoa 0.159. Kwa hiyo: mfuko mmoja, kipande kimoja, na makombo kidogo yanayosogea kwenye kipande kinachofuata. Kipande kikila mfuko na nusu, slabu hapo ina unene wa milimita 130, yaani tandiko limezama karibu sentimita 6. Mara nyingi ni mahali ambapo mti uling'olewa au bomba la maji lilifukiwa bila kushindiliwa. Toa zege lililokwisha mwagwa kwenye kipande hicho likiwa bado bichi, jaza moramu, shindilia, mwaga tena. Kujaza kwa zege hakutibu udongo laini ulio chini yake. Kunaufanya tu ubebe uzito zaidi.

Acha nafasi ya sentimita moja kati ya slabu na veranda na uijaze ubao mwembamba au karatasi nene ya lami. Zege likishashika kiasi cha kutoacha alama ya kidole, lifunike kwa magunia yaliyolowa na uyamwagie maji asubuhi na jioni kwa siku saba. Mbao za kuta zinaweza kutoka siku inayofuata, lakini toroli lisipite juu ya kingo kabla ya siku hizo saba kwisha, maana kwa unene wa sentimita 10 pembe yake inabanduka kwa pigo moja la gurudumu.